Ripoti ya Ajali kutoka Ufaransa Inapofika kwa Jamaa wa Marehemu

Mtu akifa barabarani nchini Ufaransa, maandishi ya kwanza juu ya kifo chake huandikwa na askari walioitwa kwenye ajali. Mjini huwa ni polisi. Nje ya mji, kwenye barabara za mikoani, kazi hiyo ni ya jandarmeri, kikosi cha askari wa kijeshi wanaofanya kazi ya polisi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wanachoandika kwa kawaida huitwa PV, nao Waswahili wa Kongo na Burundi, waliozoea urasimu wa Kifaransa, hutamka peve. Jina ni moja lakini karatasi ni nyingi. Kuna maelezo ya yale askari waliyoyakuta, mchoro wa eneo wenye vipimo, picha, maelezo ya dereva na ya mashahidi, matokeo ya kipimo cha pombe, cheti cha daktari, na mwishoni muhtasari ambao askari mpelelezi anamwandikia mwendesha mashtaka wa Jamhuri.

Familia iliyoko Tanga, Mombasa au Kigoma hukutana na rundo hilo miezi kadhaa baada ya mazishi. Mara nyingi inalitaka kwa sababu mbili: kujua ndugu yao alikufaje, na kuijibu kampuni ya bima ya gari lililomgonga. Ndipo inatafutwa tafsiri. Ugumu wa tafsiri hii hautokani sana na misamiati ya magari na barabara, kwa kuwa polisi wa Afrika Mashariki wana maneno yao kwa karibu kila kitu kilichomo. Ugumu ni kwamba peve ya Kifaransa imechanganya mambo ya aina tatu katika kurasa zilezile: alichokiona askari kwa macho yake, alichoambiwa na watu, na anachokikisia. Sarufi ya Kifaransa huyatenganisha kwa alama ndogo sana, na alama hizo zikipotea njiani, dai la dereva linageuka kuwa ushahidi wa serikali.

Mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya utaonyesha jinsi inavyokuwa. Kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Tanga, anatembea na rafiki yake usiku wa Novemba kwenye barabara ya mkoa isiyo na taa, nje ya mji. Mvua imenyesha na lami ina maji. Wote wawili wanafuata ukingo wa kulia, mmoja nyuma ya mwingine. Gari linatokea nyuma yao, linamgonga kijana aliye nyuma, na kioo cha pembeni kinamjeruhi rafiki aliye mbele. Gari la pili linalotoka upande wa pili linakwepa na kuishia kwenye majani bila kumgusa mtu. Katika peve magari hayo hayatajwi kwa wenyewe. La kwanza ni Gari A na la pili ni Gari B, kama ulivyo utaratibu wa Wafaransa.

Ukurasa wa maelezo ya dereva wa Gari A una sentensi inayosema kwamba mtembea kwa miguu alivuka barabara ghafla akitokea kushoto. Sentensi hiyo inajitokeza tena katika muhtasari wa askari, na hapo kitenzi chake kimebadilishwa. Kifaransa kina desturi ya kuweka kitenzi katika hali ya masharti pale mwandishi anaporipoti jambo asilolithibitisha. Magazeti yao hufanya hivyo kila siku, na askari hufanya hivyo pia. Kwa msomaji Mfaransa, umbo hilo peke yake linatosha kumwambia kwamba haya ni madai, na askari hayabebi.

Mfasiri asiyelijua jambo hili ana njia mbili za kupotea. Ya kwanza ni kulitupa umbo hilo na kuandika “mtembea kwa miguu alivuka ghafla”. Mama wa marehemu akisomewa hivyo ataelewa kwamba serikali ya Ufaransa imechunguza na kuona kosa ni la mwanawe. Njia ya pili hupitiwa na mfasiri anayeshika sarufi bila kushika maana. Huyu huandika “mtembea kwa miguu angevuka ghafla”, na msomaji anabaki akisubiri “kama” ambayo haiji. Kiswahili kina njia zake za kusema jambo hili, na polisi wa Tanzania na Kenya huzitumia: “inadaiwa kwamba alivuka ghafla”, au bora zaidi pale chanzo kinapojulikana, “kwa maelezo ya dereva wa Gari A, alivuka ghafla”. Maneno yanaongezeka kidogo, lakini uzito wa sentensi unabaki ulivyokuwa.

Aina ya tatu, yaani makisio ya askari, nayo ina alama zake. Penye maana ya “inaonekana kuwa” au “kutokana na yaliyoonekana, inaelekea kuwa”, askari ameacha kusimulia na ameanza kupima. Mfano muhimu kuliko yote uko kwenye mchoro. Mahali ambapo mtu aligongwa hapaandikwi kama jambo la hakika, kwa sababu hakuna askari aliyekuwapo. Huandikwa kama mahali panapodhaniwa, na dhana hiyo hujengwa kutokana na vipande vya kioo, kiatu kilichochomoka, michubuko kwenye lami. Neno “panapodhaniwa” lisiachwe, kwa kuwa mawakili wa pande zote mbili watabishana juu yake.

Mchoro wenyewe ni karatasi ambayo familia huipita haraka, nao ndio wenye maneno machache na habari nyingi. Katika mfano huu, mahali panapodhaniwa pa kugongwa ni sentimita 80 kutoka ukingo wa kulia wa barabara. Alama za breki zina urefu wa mita 19, nazo zinaanza mita 6 mbele ya mahali hapo. Mfasiri akiyaandika maelezo ya mchoro kwa usahihi, msomaji wa kawaida anaweza kuona mambo mawili bila kuwa mtaalamu. Kwanza, hakuna alama inayoonyesha kwamba dereva alikanyaga breki kwa nguvu kabla ya kugonga. Pili, marehemu alikuwa karibu sana na ukingo wa kulia, jambo linalopatana na maelezo ya rafiki kwamba walikuwa wakitembea pembeni. Hata hivyo halimalizi ubishi, kwa kuwa mtu anayevuka kutoka kushoto naye hufika kulia mwishoni mwa safari yake. Mchoro huo pia haujui breki zilizokanyagwa bila kuacha alama, na magari ya siku hizi yenye breki zinazozuia magurudumu kukwama huacha alama hafifu au zisionekane kabisa.

Upande wa kulia unahitaji kusimamiwa kidogo, kwa sababu hapa tafsiri sahihi kabisa inaweza kumpotosha msomaji. Ufaransa huendesha kulia. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Mtoto wa shule Tanga hufundishwa atembee upande wa kulia wa barabara ili aone magari yanayomjia usoni. Sheria ya barabara ya Ufaransa ina lengo lilelile, lakini kwa kuwa magari yako upande mwingine, nje ya mji inamtaka mtembea kwa miguu akae karibu na ukingo wa kushoto, isipokuwa pale upande huo unapohatarisha usalama wake. Kwa hiyo familia ikisoma “walikuwa wakitembea ukingo wa kulia” itaridhika kwamba kijana alifuata alichofundishwa. Kweli alikifuata, na ndicho kilichoyaweka magari mgongoni mwake. Mfasiri hana ruhusa ya kuingiza maelezo ndani ya maandishi ya askari, lakini anaweza kuweka tanbihi chini ya ukurasa yenye jina la “maelezo ya mfasiri”: nchini Ufaransa magari hupita kulia. Maneno hayo machache yanatosha, na msomaji atalisoma tena jambo zima kwa jicho jingine.

Kutembea upande usiotakiwa, usiku, na kwa nguo nyeusi, kama peve inavyotaja, kunaitia familia hofu kwamba fidia imepotea. Hapa ndipo neno jingine la peve linapoleta matata. Magari yote mawili, A na B, yameandikwa kwa neno la kisheria ambalo kamusi hulifasiri “yamehusishwa na ajali”. Katika Kiswahili cha habari za polisi, mtu akihusishwa na tukio tayari ameanza kunuka hatia. Katika sheria ya Ufaransa neno hilo halina hatia ndani yake. Linatoka katika sheria ya tarehe 5 Julai 1985, ambayo watu huiita kwa jina la waziri wa sheria wa wakati ule, Robert Badinter, na maana yake ni kwamba gari lilikuwa na nafasi fulani katika tukio, kwa kugusa au bila kugusa. Gari B lililokwepa na kuishia kwenye majani linaweza kuingia humo pia. Tafsiri salama ni “gari lililokuwemo katika ajali”, au “gari lenye nafasi katika ajali”. Haipendezi sana sikioni, ila haimhukumu mtu.

Sheria hiyo ndiyo inayoifanya hofu ya nguo nyeusi iwe ndogo kuliko inavyoonekana. Kwa majeraha na kifo cha mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli au abiria, makosa ya kawaida ya mwathirika hayapunguzi fidia. Ili fidia ikataliwe, bima inatakiwa kuonyesha kwamba mwathirika alifanya kosa lisilosameheka, na kwamba kosa hilo ndilo chanzo pekee cha ajali. Mahakama za Ufaransa zimeueleza mzigo huo kwa maneno mazito: kosa la makusudi, zito kupita kiasi, linalomweka mtu hatarini bila sababu ya maana, ilhali alipaswa kuijua hatari hiyo. Watoto walio chini ya miaka 16 na wazee waliozidi miaka 70 hawawekewi hata kizuizi hicho, ila ikiwa walijitakia madhara wenyewe.

Tarehe 10 Novemba 1995, Mahakama ya Juu ya Rufani ya Ufaransa, ikikaa kwa baraza lake kamili, iliamua shauri la mtu aliyesimama katikati ya barabara nje ya mji, usiku, katika mvua, pasipo taa, amevaa nguo za giza na amelewa, akitaka kusimamisha gari limpe msaada wa kurudi nyumbani. Mahakama ilisema kosa lake si lisilosameheka. Kijana wa mfano huu, aliyekuwa akitembea sentimita 80 kutoka ukingoni, yuko mbali na mpaka huo. Hata hivyo maneno “nguo za rangi ya giza” yana haki ya kufasiriwa kama yalivyo. Mfasiri anayeyalainisha kwa huruma anaiharibia familia, kwa sababu wakili wa bima anayo asili mkononi.

Saa ni mtego wa Kiswahili peke yake. Peve huandika saa kwa mtindo wa 24, na kila tukio lina wakati wake: ajali 22:40, simu ya kwanza 22:46, gari la zimamoto lenye huduma ya kwanza 22:58, kifo kuthibitishwa na daktari 00:20. Kwa Kiswahili hizo ni saa 4:40 usiku, saa 4:46, saa 4:58 na saa 6:20 usiku. Mfasiri akiacha “saa 22:40”, baadhi ya wasomaji wataelewa na wengine watakwama. Akiandika “saa 10:40 usiku” kwa kufuata mazoea ya simu ya mkononi, amesogeza ajali hadi alfajiri. Njia inayotumiwa na wafasiri makini ni kuandika saa ya Kiswahili na kuiweka ya asili kwenye mabano, mara zote, bila kubadili utaratibu katikati ya waraka.

Siku nayo ina mtego wake. Ajali ilitokea Jumamosi na kifo kikathibitishwa Jumapili kwa kalenda ya Ufaransa, maana kwao siku hubadilika saa 6 ya usiku. Kwa hesabu ya Waswahili wa pwani, siku huanza jua linapozama, na mzee akisema “usiku wa Jumapili” huenda anakusudia usiku uleule ambao Mfaransa anauita wa Jumamosi. Kuandika “usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili” huondoa utata, na tarehe ikiwekwa kwa tarakimu kila panapotajwa siku, hakuna atakayekosea kwenye kisomo wala kwenye fomu ya mirathi.

Wakati huo kati ya saa 4:40 na saa 6:20 si mapambo ya ripoti. Cheti kinasema kifo kilithibitishwa saa 6:20, yaani daktari ndipo alipokitangaza. Si lazima iwe ndipo roho ilipotoka. Na kama maelezo ya zimamoto yanasema walimkuta majeruhi akiwa na fahamu, sentensi hiyo ina thamani ya kisheria. Mnamo Machi 2022 Mahakama ya Juu ya Rufani ilikubali kwamba uchungu wa mtu anayejua kwamba anakufa ni madhara yanayojitegemea, yanayofidiwa, na haki hiyo hupita kwa warithi. Kwa sababu hiyo mfasiri hana budi kutofautisha “alikuwa na fahamu”, “alikuwa hai” na “aliitikia akiitwa”. Pia asimwite marehemu katika kurasa ambazo mtu huyo bado yu hai. Peve inamwita mwathirika au mtembea kwa miguu hadi dakika daktari anapotamka, na tafsiri ifuate hivyo hivyo, ingawa ulimi wa Kiswahili unavutwa kulitanguliza neno marehemu kwa heshima.

Kipimo cha pombe huleta tarakimu zinazodanganya macho. Dereva wa Gari A alipuliza kwenye mashine ikasoma 0.31, na peve ikaandika 0.27 kama kiwango kilichokubaliwa. Ndugu mmoja wa familia, aliyesoma mahali kwamba kikomo cha Ufaransa ni 0.5, ataona dereva alikuwa chini ya kikomo. Anapima vitu viwili tofauti. Kikomo cha 0.5 ni gramu za pombe katika lita moja ya damu. Mashine ya pumzi hutoa miligramu katika lita moja ya hewa, na huko kikomo ni 0.25. Kwa hesabu ya kawaida, namba ya pumzi ikizidishwa mara mbili hukaribia ile ya damu, hivyo 0.27 ni kama 0.54. Tofauti ya 0.31 na 0.27 ni ukingo wa makosa ya mashine, unaotolewa kwa faida ya dereva. Mfasiri anayeandika “0.27” bila kipimo chake, yaani miligramu kwa lita ya hewa, ameifuta habari yote. Kifaransa nacho huandika namba hiyo kwa mkato mahali pa nukta, na nakala iliyopigwa fotokopi vibaya inaweza kuufanya mkato huo usionekane.

Kiwango hicho hakingempeleka dereva gerezani kama angesimamishwa njiani bila ajali. Chini ya 0.40 ya pumzi adhabu ni faini na kupoteza pointi za leseni. Mtu akifa, hali inabadilika. Kuendesha huku umefikia au umezidi kikomo ni kizidishi cha kosa, na kosa la kusababisha kifo lenye kizidishi kimoja lina adhabu ya juu ya miaka 7 jela na faini ya euro 100,000. Jina la kosa hilo limebadilika hivi karibuni. Kwa miaka mingi liliitwa kuua bila kukusudia. Sheria ya Julai 2025 imeanzisha kosa la pekee kwa vifo vya barabarani vyenye vizidishi, na imeliondoa neno “bila kukusudia” kwenye jina, baada ya familia za waathirika kulalamika kwamba linawatusi wafu wao. Katika Kiswahili, “mauaji” huleta mawazo ya kisu na kesi ya kunyonga. “Kosa la kusababisha kifo barabarani” linakaa mahali pake, na namba ya kifungu iachwe kama ilivyo katika asili ili wakili aweze kukitafuta.

Kosa jingine linalotajwa katika muhtasari ni kutomudu mwendo. Tafsiri ya haraka ni “mwendokasi”, nayo ni kosa. Barabara hiyo ina kikomo cha kilomita 80 kwa saa, ambacho Ufaransa ilikiweka tarehe 1 Julai 2018 kwa barabara za pande mbili zisizo na kitenganishi, ingawa baadhi ya mikoa imerudi kwenye 90. Dereva amesema alikuwa “kama 80”. Hakuna aliyepima, neno “kama” ni lake na libaki. Kutomudu mwendo maana yake ni kutoupunguza kulingana na giza, maji na hali ya njia, hata ukiwa ndani ya kikomo. Gari lenye mwendo wa 80 hupita mita 22 hivi kwa sekunde moja. Taa za chini, kwa sheria ya Ufaransa, zinatakiwa kumulika angalau mita 30. Dereva anayechukua sekunde moja kushtuka amekwisha kula sehemu kubwa ya mwanga wake kabla mguu haujafika kwenye breki. Askari hakuiandika hesabu hiyo, lakini ndiyo iliyoko nyuma ya maneno yake.

Rafiki aliyejeruhiwa na kioo ana ukurasa wake, na ndani yake kuna herufi ITT na siku 12. Zikifunguliwa neno kwa neno, herufi hizo zinasema kutoweza kabisa kufanya kazi, na hivyo ndivyo zinavyofasiriwa mara nyingi. Katika sheria ya jinai ya Ufaransa hazihusu ajira. Daktari anahesabu siku ambazo mtu hawezi mambo ya kawaida ya maisha, kama kujivika, kula, kutembea, hata awe mtoto au mzee asiye na kazi. Mahakama hutumia idadi hiyo kupima uzito wa kosa. Ni vyema pia kutoigeuza karatasi hiyo kuwa PF3 ya Tanzania au P3 ya Kenya, hata kama msomaji angeielewa upesi zaidi. Fomu hizo zina taratibu zake, na anayezisikia atadhani kuna nakala yake kituoni.

Maelezo ya rafiki huyo yalipitia kwa mkalimani. Alisema kwa Kiswahili, mkalimani akasema kwa Kifaransa, askari akaandika, na sasa maandishi yanarudishwa katika lugha yalikotoka. Katika safari hiyo “ndugu yangu” imekuwa kaka wa kuzaliwa naye, na jina la babu limekuwa jina la ukoo, kwa kuwa Wafaransa hulichukua jina la mwisho na kuliandika kwa herufi kubwa. Mfasiri anayejua Kiswahili atashawishika kusahihisha, arudishe “ndugu” na apange majina upya. Asifanye. Anafasiri kilichoandikwa, na anachokishuku anakiweka kwenye tanbihi. Familia ndiyo itakayomwambia wakili kwamba huyu hakuwa kaka, maana uhusiano huo utaamua nani anaweza kudai fidia ya majonzi. Karatasi za kuzaliwa zitakazopelekwa Ufaransa zikigongana na peve bila maelezo, bima ina kisingizio cha kuchelewesha.

Sehemu ngumu kusomwa ni uchunguzi wa nje wa mwili na, pale ulipofanyika, upasuaji wa maiti. Mfasiri aliyeapishwa haruhusiwi kuruka mistari katika waraka anaoutilia muhuri. Lakini familia inaweza kuagiza tafsiri ya sehemu tu, na kichwani iandikwe wazi kwamba ni dondoo, na ni kurasa zipi zimeachwa. Familia nyingi hufanya vizuri kumpa mtu mmoja, baba mdogo au mjomba, nakala nzima, na wazazi wakapewa dondoo. Uamuzi huo ni wao, si wa mfasiri.

Mfasiri aliyeapishwa nchini Ufaransa ni yule aliyeandikishwa kwenye orodha ya wataalamu wa mahakama ya rufani, na Kiswahili kimo katika orodha hizo. Tafsiri yake ina sahihi, muhuri, na namba ya usajili ambayo huigonga pia kwenye nakala ya asili, ili ionekane wazi kwamba karatasi hizi mbili ni jozi. Kwa kuelewa tu, familia haihitaji muhuri huo; mwalimu wa Kifaransa mwangalifu anaweza kutosha. Na mlalamikaji aliyejiunga na kesi ya jinai bila kujua Kifaransa ana haki, akiomba, ya kupata mkalimani na tafsiri ya habari zilizo za lazima ili atumie haki zake. Haki hiyo haimaanishi kwamba kila ukurasa wa jalada utafasiriwa bure.

Peve haipatikani mara moja. Upelelezi ukiwa unaendelea, yaliyomo ni siri. Baadaye wakili wa familia anaweza kuiomba, na kuna mlango mwingine ambao wengi hawaujui: kampuni ya bima ya gari, inapowaandikia warithi, inalazimika kuwaambia kwamba wanaweza kuomba kwake nakala ya peve, na kwamba inatosha kuomba. Kampuni hiyo inatakiwa kutoa pendekezo la fidia ndani ya miezi 8 tangu ajali. Barua ya pendekezo mara nyingi hufika pamoja na fomu ya makubaliano iliyokwisha kujazwa, ikisubiri sahihi tu. Familia ambayo bado haijasoma mchoro, haijui alama za breki zinaanzia wapi, na inadhani mwana wao “alivuka ghafla”, huenda ikatia sahihi kwa kiasi chochote. Aliyekwisha kutia sahihi ana siku 15 za kuyavunja makubaliano kwa barua ya rejista yenye uthibitisho wa kupokewa; siku hizo zikipita, kiasi kilichoandikwa humo hakijadiliwi tena.